Bati kwanza, msingi baadaye

"Mama, bati zimeisha."

Fundi alinitamkia hivyo akiwa amekaa juu ya papi, nyundo mkononi na misumari miwili imebanwa mdomoni. Nilikuwa chini, nimeshika kikombe cha uji wake. Nikatazama juu. Upande wa kusini wa paa ulikuwa umefunikwa wote. Upande wa kaskazini kulikuwa na bati tatu tu, na baada ya hapo mbao tupu na mawingu. Ilikuwa katikati ya Machi. Huku Mkuranga, mawingu ya Machi hayapiti tu.

Nikageuka nyuma. Chini ya mkorosho kulikuwa na rundo la tofali, zimepangwa vizuri, hazijaguswa. Nilizihesabu jioni ile: 226.

Bati 6 zimepungua, tofali 226 zimezidi, na vyote kwenye banda moja la kuku la mita 6 kwa 4.

Kuku wako ndani sasa, wanataga, na paa halivuji. Lakini lile rundo limenikaa kichwani wiki nyingi. Nilikuwa nimepiga hesabu mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari, na nilizirudia mara mbili. Hazikuwa hesabu za kubahatisha. Ndiyo maana nimetaka kuelewa zilipopindia.

## Daftari

Tofali nilizihesabu kama watu wote wanavyozihesabu. Mzunguko wa banda ni mita 20. Urefu wa ukuta kuanzia chini ya msingi hadi juu niliuweka mita 2.7. Zidisha, unapata mita za mraba 54. Kila mita ya mraba inakula tofali 10 za inchi 18 kwa 9, hivyo 540. Nikaongeza 20 za kuvunjika. Jumla 560.

Bati nikazihesabu kwa njia hiyohiyo. Sakafu ni mita za mraba 24. Bati moja la futi 10 ni kama mita 3.05 kwa sentimita 88, yaani mita za mraba 2.7 hivi. Gawanya, unapata 9. Nikaongeza 3 kwa ajili ya upenu. Jumla 12.

Ukitazama haraka, hesabu zote mbili zimenyooka. Kuzidisha ni sahihi, kugawanya ni sahihi. Lakini ya kwanza ilihesabu kuta za nyumba ya kulala watu, na ya pili ilihesabu bati za kufunika sakafu. Mimi nilikuwa najenga banda la kuku, na bati hazilali sakafuni.

## Jirani aliyekuja na kuku mkononi

Tofali zilishushwa Jumamosi. Jumapili jirani yetu, mzee aliyefuga kuku tangu sijahamia huku, alipita na jogoo kwapani. Alitembea kuzunguka kamba tulizofunga kwenye vigingi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unawajengea kuku gereza?"

Nikamwambia ukuta utakwenda mpaka juu, wenye madirisha manne.

Akatikisa kichwa. Akasema kuku haogopi upepo, anaogopa joto na unyevu. Kuku 100 wanapumua, wananya, wanamwaga maji. Unyevu ule wote lazima utoke, na dirisha halitoshi kuutoa. Alinishauri kuta ndefu mbili ziishie kozi tatu, yaani safu tatu za tofali, juu ya sakafu, kisha wavu hadi juu. Kuta fupi za mashariki na magharibi ndizo zipande, kwa sababu huko ndiko jua linakopiga asubuhi na jioni. Zile pembetatu za juu, chini ya paa, nisizizibe kwa tofali. Niweke wavu, hewa ya moto itokee hapo.

Tulikuwa tumeshaliweka banda kwa mashariki na magharibi, kwa hiyo upande mrefu ulikuwa unatazama kusini, kusi inakotokea. Alichosema kilikuwa na mantiki, nikakubali palepale.

Kilichonisumbua baadaye ni hiki: niliubadilisha ukuta, sikurudi kwenye daftari. Tofali zilikuwa zimeshalipiwa. Na nilipoufungua ukuta wa kusini, nilikuwa nimebadilisha pia kazi ya paa, nami sikuliona hilo hata kidogo.

## Chini ya ardhi

Kwenye msingi tulikwenda vizuri, isipokuwa jambo moja ambalo lingetukuta tusipopima.

Fundi alipiga kona kwa pembetatu ya 3-4-5, kisha tukavuta futi kutoka kona hadi kona. Banda la 6 kwa 4 likiwa na kona mraba sawasawa, mkingamo wake ni mita 7.21, na mikingamo yote miwili lazima ilingane. Wa kwetu wa kwanza ulisoma 7.21, wa pili 7.27. Sentimita sita. Nikamwuliza fundi kama inafaa tuendelee, maana kuku hawajui mraba. Akanijibu, "Kuku hawajui, bati zinajua." Akang'oa vigingi viwili akavisogeza.

Sikumwelewa siku ile. Bati ni kitu kilichonyooka. Ukikilaza juu ya banda lililopinda, kinaanza sawa upande mmoja na kumalizia na meno ya ngazi upande wa pili.

Kisha tukavuta mpira wa maji kupima usawa. Kwa macho kiwanja kilikuwa tambarare kabisa. Mpira ukaonyesha kwamba mwisho wa magharibi uko chini kwa sentimita 24 kuliko mashariki. Hiyo ni kozi nzima ya tofali. Kwa hiyo nusu ya msingi, ile ya chini, ilihitaji kozi moja zaidi ili kozi za juu zikutane sawa. Mtu asiyepima hugundua tofali zinapungua wakati mchanganyiko wa saruji umeshamwagiwa maji.

Mtaro tulichimba upana wa sentimita 40 na kina cha 45. Banda ni jepesi na udongo wetu ni wa mchanga uliotulia, hauvimbi mvua ikinyesha. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kina hicho kisingetosha na mimi nisingethubutu. Kingo za mchanga zilikuwa zinaporomoka, tukazilowesha kidogo na kumwaga zege siku ileile tuliyomaliza kuchimba. Zege la sentimita 10, saruji moja kwa mchanga tatu kwa kokoto sita, lilikula mifuko minne ya kilo 50.

Juu ya zege, kozi mbili. Hizo zinakutoa ardhini karibu sentimita 15, na usawa huo ndio tulioufanya usawa wa sakafu. Ningeweza kuokoa kozi hiyo ya pili, na wengi huiokoa. Halafu masika inaingia mlangoni, maranda yanalowa, harufu inakuja kukuchoma macho na vifaranga wanaanza kuhara damu. Siku hizi kila Jumamosi nachota maranda kiganjani na kuyabana. Yakishikana donge, kuna maji yanayoingia mahali au chombo cha maji kinachovuja. Yakimomonyoka ukifungua mkono, nalala usingizi.

## Tofali kwa kozi, siyo kwa mita

Baada ya paa kukamilika nilirudi kwenye daftari na kuhesabu upya, safari hii kozi kwa kozi.

Tofali la inchi 18, pamoja na udongo wa saruji kwenye kiungo, linachukua sentimita 46.5. Mzunguko unaohesabiwa si mita 20 za nje. Ukichukua mita 20 unahesabu kila kona mara mbili. Unapima katikati ya unene wa ukuta: toa sentimita 15 kwa kila kona, inabaki mita 19.4. Gawanya kwa sentimita 46.5, unapata tofali 42 kwa kozi moja ya mzunguko mzima.

Kozi mbili za msingi ni 84. Kozi ya ziada ya nusu ya chini, mita 10, ni kama 21.

Kozi tatu za kwanza za ukuta, mzunguko mzima, zinatoa nafasi ya mlango, ambayo ni tofali mbili kila kozi. Hivyo 40 mara tatu, 120.

Kuta mbili za ncha zinaendelea kozi sita zaidi, tofali 9 kwa kila ukuta, 108. Toa za mlango kwenye kozi tano, inabaki 98.

Jumla 323. Ukiongeza moja kwa kila ishirini kwa kuvunjika, 340 zinatosha. Sisi tulitumia 334. Mimi nilinunua 560.

Ile kanuni ya tofali 10 kwa mita ya mraba haina kosa kubwa. Inafaa kwa ukuta mzima. Lakini banda la kuku la pwani kwa sehemu kubwa ni uwazi wenye wavu, na uwazi hauna tofali. Kuhesabu kozi kunakulazimisha uutazame kila ukuta na ujiulize unaishia wapi. Ningefanya hivyo kabla ya kulipa, swali la mzee ningejiuliza mwenyewe.

## Bati mbili juani

Turudi juu ya paa.

Fundi alishuka. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa baharini. Akanipa njia mbili.

Ya kwanza, azing'oe zile alizopiga, azipange upya zikipandana nusu mgongo, yaani nusu ya wimbi la bati, badala ya mgongo mmoja na nusu. Kila bati lingefunika zaidi, tungeokoa bati mbili pande zote. Ya pili, apunguze upenu. "Tukikata upenu, mama, bati zitatosha."

Nilitaka sana kuiamini ile ya pili. Nikachukua kijiti nikachora mchangani. Nikachora paa likitazamwa kutoka juu, na mistari ya bati zikishuka kutoka mgongo wa paa hadi ukingoni, moja kando ya mwenzake.

Hapo ndipo nilipoona.

Bati zinahesabiwa kwa mistari. Urefu wa paa, ukijumlisha sentimita 30 za kuchomoza kila ncha, ni mita 6.6. Bati la sentimita 88, likipandana mgongo mmoja na nusu na mwenzake, linafunika sentimita 76 tu. Gawanya mita 6.6 kwa sentimita 76, unapata 8 na kitu, yaani mistari 9. Hakuna bati nusu. Pande mbili, bati 18. Ukikata upenu, unafupisha kila bati, lakini mistari inabaki 9. Vipande ulivyokata vinabaki mkononi, virefu sentimita 50, ambavyo haviwezi kufunika mstari mwingine wowote.

Nilimwonyesha fundi mchoro. Akautazama kimya, kisha akasema, "Kweli. Zinatakiwa sita."

Ile njia ya kupandana nusu mgongo niliikataa kwa sababu nimeshaishi chini ya paa la namna hiyo. Mvua ya wima haisemi kitu. Mvua ya kusi inasukumwa kwa ubavu, inapanda mgongo mdogo na kudondokea ndani.

Basi nikaenda mjini kununua sita. Duka la kwanza walikuwa na bati za futi 10, geji 28 kama zangu, rangi ileile ya fedha. Nilikuwa nimebeba kipande cha bati langu, kwa bahati tu, kwa sababu fundi alikitupa kwenye gari. Nikakilaza juu ya bati la dukani na kuinama kutazama ubavuni. Migongo miwili ya kwanza ilikaa. Wa tatu ulianza kupanda. Wa tano ulikuwa juu kabisa, na kati ya bati na bati kulikuwa na mwanga, unapita kidole. Ni kiwanda kingine, na migongo yao imeachana tofauti kidogo. Muuzaji aliniambia nikipiga misumari itabana. Nilimtazama nikawaza msumari mmoja unabana wapi bati zima.

Nikaenda duka la tatu ndipo kipande kikakaa tuli, kimya, kama kikombe ndani ya kikombe.

Tangu siku hiyo sijui kununua bati bila kipande mkononi. Ni nyepesi kubeba, na inakuambia mambo ambayo namba ya geji haisemi. Geji inakuambia unene tu, na inakwenda kinyume: 32 ni jembamba kuliko 28.

## Kwa nini upenu haukatwi

Nilisema kwamba nilipofungua kuta nilibadilisha kazi ya paa. Hili ndilo limenichukua wiki nyingi zaidi kulielewa.

Ukuta ukifika juu, upenu ni wa kulinda plasta. Ukuta ukiishia sentimita 73 na juu yake ni wavu, upenu ndio ukuta. Hakuna kingine kinachosimama kati ya mvua na maranda.

Banda letu lina upana wa mita 4, mteremko wa paa ni kama nyuzi 20. Bati la futi 10 likilala kwenye mteremko huo linafika mita 2.87 kwa ulalo. Toa mita 2 za nusu ya banda na kidogo kinachobaki chini ya kofia ya paa, upenu unakuwa zaidi ya sentimita 80. Sikuupanga. Urefu wa bati ulinipa.

Fikiria mvua inayokuja imeinama nusu kwa nusu, sentimita moja kwa upande kwa kila sentimita inayoshuka. Ukingo wa upenu wa sentimita 80 uko mita 1.9 juu ya sakafu. Mvua hiyo inaugusa wavu kwenye mita 1.1 na kushuka chini. Kwa hiyo zaidi ya mita moja ya wavu imebaki kavu, na kinachobaki ni mkanda wa sentimita 37 juu ya ukuta. Mkanda huo nauziba kwa pazia la viroba vilivyoshonwa, linaloshushwa mvua ikianza.

Upenu wa sentimita 30, ule ambao ungebaki fundi akikata, ungezuia sentimita 40 tu za juu. Zaidi ya mita nzima ingekuwa wazi. Kuku wangehamia upande wa kaskazini, wote mia, na nusu ya banda nililolilipia msingi ingekuwa matope.

Tulipozipiga zile sita, fundi alianza na upande wa magharibi kuelekea mashariki, kama alivyofanya kusini, ili kila bati linalofuata lipande juu ya lililotangulia na ukingo wake uupe upepo mgongo. Misumari alipiga juu ya mgongo, siyo bondeni ambako maji yanapita. Alimaliza saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuja usiku wa manane. Niliamka na tochi, nikasimama katikati ya banda tupu, bado halina kuku hata mmoja, nikasikiliza. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka ukingoni, nje, yanachimba mfereji mchangani hatua moja kutoka ukutani.

Tofali 40 katika zile 226 zimelala sasa kwenye mfereji ule, ubavu kwa ubavu, pande zote mbili. Bila hizo matone yangekula mchanga mpaka kwenye msingi.

## Sentimita 36

Hesabu ya mwisho niliifanya juzi.

Mistari 9 ya bati inafunika mita 6.96. Toa kuchomoza sentimita 30 kila ncha. Chini yake panakaa banda la mita 6.36. Langu ni la mita 6. Nimenunua bati za sentimita 36 ambazo zinachomoza hewani huko kwenye ncha bila kazi. Kwa tofali chache zaidi ningepata karibu mita moja na nusu ya mraba ya sakafu, na bati zilezile 18.

Au ningeshuka. Mistari 8 inafunika mita 6.2, banda la mita 5.6, bati 16. Mita 6 haikai popote. Niliichagua kwa sababu ni namba nzuri kutamka.

Ujenzi wote unaanzia chini, kwa hiyo na mimi nilianza kufikiri kuanzia chini. Lakini tofali linakatwa kwa panga la fundi na kozi inaongezwa. Bati lina urefu wake na upana wake kutoka kiwandani, halijadiliani. Upana wa banda unatoka kwenye urefu wa bati. Urefu wa banda unatoka kwenye idadi ya mistari. Upenu ukishajulikana, ndipo unajua ukuta wa upande unaweza kuishia wapi, na hapo tu ndipo unaweza kuhesabu tofali.

Shemeji anataka tujenge banda la mbuzi pembeni, sakafu ya mbao iliyoinuliwa mita moja, mianya ya sentimita moja na nusu samadi idondoke chini. Alikuja na vipimo kwenye karatasi: mita 5 kwa 3. Nilikwenda stoo nikachukua kile kipande cha bati na futi, tukakaa barazani. Tumeshakubaliana mistari 7. Tofali za nguzo zipo chini ya mkorosho, 186. Nimezihesabu tena leo asubuhi.